Vitunguu Namanga: angalia reti kabla ya faida

"Nataka kutoa vitunguu Arusha niuze Namanga upande wa Kenya, reti na kastam vinanichanganya, nianzeje?"

Mdogo wangu piga hesabu zote kwa hela ya Tz. Tuseme mzigo umekula 400,000, reti ni 20 za Tz kwa shilingi moja ya Kenya, ukauza 22,000 za Kenya, hapo una 440,000, ila mteja akikulipa baada ya wiki mbili reti imeshuka 18 unabaki na 396,000 na nauli bado hujatoa. Kwa hiyo usikopeshe kabisa, chenji siku hiyohiyo.

Kastam, mzigo usiozidi dola 2,000 omba cheti rahisi cha uasili, kile kinachoonyesha bidhaa imetoka Afrika Mashariki, kama bidhaa iko kwenye orodha yao ushuru wa forodha hulipi. Cheti cha afya ya mimea lakini bado kinatakiwa, kitafute kabla hujapakia, vitunguu vikikwama juani vinaoza. Njia za panya achana nazo, wakikudaka mzigo wote unaenda.