Gari niliuza Julai, bima nikaikatisha Agosti: hesabu ya hela iliyorudi

IST yangu niliiuza tarehe 4 Julai 2024. Aliyeinunua ni kijana wa Urambo, tukamalizana pale pale kwangu Isevya, hela nikaingiza kwenye ujenzi. Bima kubwa niliyokuwa nimeikata mwezi Machi wala sikuikumbuka. Kichwani kwangu bima ilikuwa kama matairi, gari likiondoka nayo inaondoka.

Katikati ya Agosti yule kijana akanipigia. "Dada shikamoo. Ile bima ya gari bado inafanya kazi? Nataka kwenda Nzega." Nikamwambia ngoja niulize. Wakala wangu akacheka kidogo, kisha akanieleza: mkataba ule ni wa kwangu mimi na kampuni, na gari si langu tena. Kijana akigonga mtu kesho, kampuni itauliza mwenye gari ni nani, na hapo ndipo maneno yatakapoanza. Akate yake. Yangu niikatishe, na kuna hela ya kurudi.

Hela ngapi? Hapo ndipo somo langu lilipoanzia, maana majibu niliyoyapata yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa na hesabu yake.

Jibu la kwanza nililipiga mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Bima ilianza 11 Machi 2024, ilikuwa iishe 10 Machi 2025, siku 365. Barua yangu ya kukatisha ilipokelewa 23 Agosti. Siku zilizotumika, kuanzia Machi 11 mpaka Agosti 22, ni 165. Zilizobaki ni 200. Gari lilikadiriwa milioni 14, ada ya bima ikawa 490,000, na juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo ni 88,200. Jumla nililipa 578,200. Basi:

```
578,200 × 200 ÷ 365 = 316,822
```

Laki tatu na kumi na sita. Nikaanza kuzipangia matumizi kabla hazijafika: mifuko ya saruji, hela ya fundi, na chenji.

Wakala akanirudisha chini. Hesabu ile ya siku kwa siku ipo kweli, lakini kwenye mkataba wangu ilikuwa ni ya pale kampuni yenyewe inapoamua kukukatishia bima. Mteja akikatisha mwenyewe, wanatumia jedwali la muda mfupi. Akanifungulia ule mkataba wenye herufi ndogo ndogo ambao nilikuwa nautumia kufunikia mafaili. Kifungu cha kukatisha bima kilikuwa ukurasa wa karibu na mwisho, na jedwali lake linakwenda kwa ngazi. Ukitumia mwezi mmoja, kampuni inabaki na robo ya ada ya mwaka. Miezi mitatu, nusu. Isiyozidi minne, asilimia 62.5. Isiyozidi sita, asilimia 75. Isiyozidi minane, asilimia 87.5. Zaidi ya hapo hurudishiwi kitu. Majedwali ya namna hii yanafanana fanana, ila hayalingani kila kampuni, kwa hiyo angalia la kwako usichukue la kwangu.

Ukilitazama jedwali hilo utaona wapi panauma. Miezi mitatu si robo ya mwaka? Lakini kampuni inachukua nusu. Wana sababu yao: gharama za kuandikisha bima na kamisheni ya wakala zote zinatoka mwanzoni, tena hawataki mtu akate bima ya mwaka mzima halafu aitumie miezi miwili ya safari zake tu. Mimi sijaridhika na sababu hiyo, lakini saini ni yangu.

Sasa mimi nilikuwa nimetumia miezi mitano na siku 12. Niko ndani ya ngazi ya miezi sita, wanabaki na asilimia 75, mimi narudishiwa robo. Robo ya 490,000 ni 122,500. VAT nayo inarudi kwa uwiano ule ule, asilimia 18 ya 122,500, ambayo ni 22,050. Jumla 144,550. Chini ya nusu ya zile nilizokuwa nimezipangia.

Nikakaa na kalamu nikajiuliza, ningeandika barua siku ile ile nilipouza gari je? Tarehe 4 Julai nilikuwa bado sijatimiza miezi minne, maana miezi minne ilikuwa inaisha 10 Julai. Ningekuwa kwenye ngazi ya 62.5, wangenirudishia asilimia 37.5 ya 578,200, yaani 216,825. Kuchelewa kwangu kulinigharimu 72,275. Na cha ajabu, ukishavuka ngazi, siku zinazofuata hazina tofauti: barua ya 15 Julai na ile ya 23 Agosti zingenipa hela ile ile. Ngazi iliyofuata ilikuwa 10 Septemba. Kwa hiyo ukitaka kukatisha bima, usiangalie kalenda ya mwezi. Hesabu kutoka tarehe ya kuanza bima, ujue ngazi inayofuata inaangukia siku gani, na barua ipokelewe kabla ya hapo. Nasema ipokelewe, kwa sababu kwangu walihesabu tarehe ya muhuri wa mapokezi. Tarehe niliyoandika juu ya barua hakuna aliyeiangalia. Nakala yenye muhuri ule ninayo mpaka leo.

Kwenye barua niliambatanisha nakala ya mkataba wa mauzo, stika na cheti cha bima, na namba ya akaunti yangu ya benki. Waliniuliza swali moja tu: umewahi kudai fidia ndani ya kipindi hiki? Sikuwahi. Ningekuwa nimedai hata kioo cha pembeni, kwa mkataba wangu ule nisingerudishiwa kitu. Na wenye bima ndogo msitarajie makubwa. Ada yenyewe ni ndogo, na mikataba mingine ina kiwango cha chini ambacho kampuni inabaki nacho hata kama umetumia wiki moja.

Wiki tatu na ushee zikapita. Wakala akanipigia: "Dada, hela yako imeshatoka, krediti noti nimeiona." Nikaenda kwenye ATM iliyo karibu na soko, salio lile lile. Nikamwambia, akasisitiza imetoka. Siku mbili tulibishana hivyo mpaka nikamwomba anitumie hicho alichokiona. Akanitumia stetimenti ya kampuni ya bima, ile ya akaunti ya mteja. Ilikuwa hivi:

```
11/03/24  DN   578,200.00  Dr
11/03/24  RCT  578,200.00  Cr
17/09/24  CN   122,500.00  Cr
BALANCE        122,500.00  Cr
```

Sikuisoma kirahisi, na nadhani wengi wataikwaa hapa hapa. Hii siyo stetimenti ya benki. Ni daftari la kampuni, linaandika kati yao na mimi nani anamdai nani. Mstari wa kwanza, DN, ni debiti noti: siku ile nilidaiwa 578,200. RCT ni risiti: nikalipa, deni likaisha. CN ni krediti noti: kampuni imekubali kwamba inanirudishia. Salio lenye Cr mwishoni maana yake ni kwamba mimi ndiye ninayedai. Wamekubali deni, hawajalipa. Siku watakayolipa, utaonekana mstari wa nne wenye Dr, na salio litarudi sifuri. Kumbe wakala hakudanganya. Yeye kwa lugha yake krediti noti ikitoka kazi imeisha, mimi kwa lugha yangu kazi inaisha hela ikiingia.

Halafu nikaiona 122,500. Mbona si 144,550?

Hapa nilifanya kitu kimoja ambacho kilinisaidia sana. Badala ya kupiga simu na kulalamika kwamba hela ni pungufu, nilitoa kwanza: 144,550 kutoa 122,500 ni 22,050. Nikaigawa kwa 122,500, ikaja 0.18 kamili. Pengo likikaa sawasawa kwenye 18, aliyepungua ni VAT, hakuna mchawi mwingine. Ingekuwa namba ya mviringo kama 10,000, ningeshuku gharama za ofisi, na ningeuliza zimeandikwa kifungu gani. Ingekuwa kubwa na haina sura, ningeshuku wamenisogeza ngazi, au wakala amekata kamisheni yake, jambo ambalo halikuhusu wewe. Kamisheni ya wakala ni mambo yake na kampuni yake.

Nikaandika barua pepe fupi: VAT ya 88,200 nililipa, risiti ya EFD hii hapa, ada imepunguzwa kwa robo, basi na kodi ipunguzwe kwa robo. Bima ikikatishwa, kampuni ina njia ya kurekebisha hesabu yake ya VAT kwa hati ya marekebisho, haitoi hela mfukoni mwake. Siku nne hazijaisha wakajibu kwamba ni kweli, krediti noti ya kodi itafuata.

Hela zenyewe zilikuja kimya kimya. Nilichukua stetimenti ya benki ya Oktoba, kurasa sita, kwa sababu biashara yangu ya asali inaingiza vihela vidogo vidogo kila siku. Nikatafuta jina la kampuni ya bima, hakuna. Nikatafuta neno bima, hakuna. Nikatafuta 144,550, hakuna, na hapo nilikuwa nimejisahau, maana nilishajua inakuja vipande viwili. Mwishowe nikaacha maneno kabisa, nikachukua rula, nikashuka nayo safu ya fedha zinazoingia peke yake:

```
08/10/2024  INW EFT 7730418 PRM RFD   122,500.00
```

Jina la kampuni halipo. Ni malipo yaliyoingia kutoka benki nyingine, yamelipwa kwa mkupuo pamoja na ya wateja wengine, na hizo herufi sita za mwisho ndizo pekee zinazosema ni ada iliyorudishwa. Tangu siku hiyo nikitafuta hela kwenye stetimenti natafuta kwa kiasi na tarehe, maneno nayaacha. Na natafuta kila kipande kivyake, ada peke yake na VAT peke yake, kisha jumla.

Tarehe 31 Oktoba ikaingia 22,050. Nikamwomba wakala stetimenti ya kampuni tena, mistari ikawa sita, salio sifuri. Yule kijana wa Urambo alishakata bima yake tangu Agosti, namba ya gari nikaihakikisha mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, jina lilikuwa lake.