Kosa la kufunga la mita moja

"Niko fildi Mbeya. Kiwanja cha pembe nne, mzingo mita 420, pembe zimefika 360° pungufu sekunde chache. Jumla ya mashariki, badala ya sifuri, imebaki +0.60, kaskazini +0.80. Nigawanye kosa au turudi?"

— Rudini, ila kwa mstari mmoja au miwili tu. Kosa lako ni mita 1.00 kamili, na namba ya mviringo namna hiyo huwa ni tepu iliyosomwa au kuandikwa vibaya. Pembe zako ni nzuri, kwa hiyo tafuta beringi ya kosa, yaani mwelekeo wake kutoka kaskazini: 0.60 kwa 0.80 inatoa kama 36°52'. Mstari wenye beringi hiyo umeandikwa mrefu kupita kiasi. Ukiwepo wenye kinyume chake, yaani 216°52', huenda huo umeandikwa mfupi. Kiwanja kikiwa cha mstatili yote miwili inashukiwa, pima yote. Mimi nilinaswa Uyole: 85.42 niliandika 86.42. Kwenye fildibuku usifute, kata kwa mstari mmoja, andika sahihi juu na weka saini.

— Kanuni ya Bowditch ya kugawa kosa ipo kwa ajili gani sasa? Gawanya, ramani ifunge.

— Itafunga, ila kosa la upande mmoja utazigawia pande zote nne. Bowditch ni ya sentimita zilizobaki.

— Kwangu Iringa kosa lilikuwa 0.37, halilingani na mstari wowote.

— Hapo huenda makosa ni mawili, au tepu ililala kwenye mteremko. Mlipima tambarare?