Barua kwa mwanangu: imeili ya kuomba fildi

"Mama, shikamoo. Nataka kuomba fildi kwenye ofisi ya wakaguzi wa hesabu, ila sijawahi kuajiriwa popote. Kwenye imeili niandike nini?"

Marahaba mwanangu. Hapa ofisini maombi ya fildi hupitia mikononi mwangu, na hatumtarajii mwanafunzi wa mwaka wa 2 awe amewahi kuajiriwa. Tunataka kujua unasoma nini, unakuja lini hadi lini, na ukikabidhiwa nyaraka utazimudu au la.

Mawili ya kwanza yamalize kwenye kichwa cha imeili: "Maombi ya mafunzo kwa vitendo: Uhasibu mwaka wa 2, Julai hadi Septemba". Ukiandika "Maombi" peke yake, mtu hajui ampelekee nani.

Hilo la tatu ndilo la kulitolea jasho. Achana na "mimi ni mchapakazi na mwepesi wa kujifunza", kwa sababu hakuna anayeweza kulihakiki. Wewe umetunza hesabu za kikoba chetu, na hiyo ni kazi hata kama hukulipwa. Iandike hivi:

"Kwa mwaka mmoja nimetunza kwenye Excel hesabu za kikoba chenye wanachama 24. Kila mwisho wa mwezi nalinganisha daftari na taarifa ya miamala ya simu. Mwezi Machi daftari lilizidi kwa shilingi 20,000. Nilikuta hisa ya mwanachama mmoja imeandikwa mara mbili, nikarekebisha, na mwekahazina akasaini."

Mkaguzi akisoma hapo anaiona kazi yake mwenyewe. Atakuuliza uligunduaje, basi mweleze ulivyofanya: kwanza ulitafuta muamala wa shilingi 20,000 kamili, kisha ukapitia daftari mstari kwa mstari hadi ukaona tarehe moja imejirudia. Usiandike jambo usiloweza kulieleza namna hiyo. Na majina ya wanachama au akiba zao usiyataje kabisa. Anayetoa siri za kikoba atatoa na za wateja wao.

Baada ya aya hiyo, sentensi moja inatosha kusema kwa nini umechagua ofisi hiyo, kwa mfano kwamba wanakagua vyama vya ushirika na wewe unataka kuona ukaguzi wa akiba za watu wengi. Lakini hakikisha kwanza kwenye tovuti yao kwamba kweli wanafanya hivyo. Kama tangazo lao ni la Kiingereza, imeili yote iwe ya Kiingereza.

Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo, wasifu wa ukurasa mmoja na matokeo yako, vyote kwenye PDF moja yenye jina lako. Barua ya chuo ikikosekana, ofisi nyingi huweka ombi pembeni. Wiki mbili zikipita kimya, piga simu mapokezi uulize kwa adabu kama limefika.

Nitumie kwanza mimi niisome kabla hujaipeleka. Baba yako anakusalimu.

Mama