Kununua simu mbovu za kutengeneza

"Mimi fundi simu Kariakoo. Nataka kununua simu mbovu, nitengeneze niuze, na taka za simu nikusanye. Nianzie wapi?"

Fundi, anzia kwenye ununuzi, hapo ndipo mtaji hupotea. Simu inayowaka piga *#06#, tuma IMEI kwenda 15090, uone kama aina inayotajwa ndiyo uliyoshika. Kisha muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako. Ukiiflashi kabla, itaidai akaunti ileile na utabaki na spea tu. Nakili kitambulisho chake pia. Simu ya wizi itakufikisha polisi.

Betri iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Ifukie kwenye mchanga mkavu, ndoo ya chuma, nje ya duka. Taka za mafundi wengine usikusanye kabla ya kuulizia kibali NEMC, baraza la mazingira.