Jiko moja, wateja wa halali na wasiokula nyama

"Jiko ni moja, kuna wateja wa halali na wasiokula nyama, nianze kutenganisha nini?"

Anza na karai la mafuta ndugu yangu, hapo ndo wengi wanaharibu. Chipsi ni viazi tu, ila zikipita kwenye mafuta ya soseji za nguruwe Muislamu hali, na zikipita kwenye ya kuku, hata wa halali, asiyekula nyama nae umemkosea, kwa hiyo za mboga ziwe na karai lake na koleo lake, sisi tumefunga utepe wa kijani kwenye mpini. Cheti cha halali cha bucha kisome tarehe ya mwisho, na jina la machinjio lilingane na la kwenye karatasi ya mzigo. Alafu menyu, supu ya mboga uliyotia kidonge cha kuku andika wazi ina kuku.