Siku 28 tangu lini? Kwa mnaomfupishia meneja wa saiti mkataba

Wiki hii wadogo zangu watatu wa ofisi ya mikataba wamenipa nisome mihtasari yao kabla haijaenda saiti. Wa kwanza una kurasa 9, wa pili una kurasa 4 ambazo ni mkataba uleule uliokatwakatwa. Wa tatu ni ukurasa mmoja safi, na huo ndio ulionishtua kuliko yote, maana mstari wake wa tano unasema: "Madai: notisi ndani ya siku 28." Mstari huo niliwahi kuuandika mimi, hivyohivyo, nao ulitugharimu siku 19.

Saiti zetu zote tatu ziko chini ya Kitabu Chekundu cha FIDIC, yale masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi, toleo la 1999, kwa hiyo nasemea hicho. Vifungu mnavijua: 13 ni mabadiliko ya kazi, 8.4 nyongeza ya muda, 20.1 madai, 14 malipo. Meneja naye anavijua. Asichonacho ni nafasi ya kuvisoma saa 11 alfajiri, zege linasubiriwa na pampu ya maji imegoma.

1. Usiandike idadi ya siku bila kuandika zinaanza kuhesabiwa lini

Tulikuwa tunajenga barabara ya lami kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Kulikuwa na kalvati kubwa la zege ambalo lilishika programu nzima: likichelewa siku moja, na tuta la upande wa pili linachelewa siku moja. Tarehe 4 Machi injinia mkazi alisimama ukingoni mwa shimo, akachoma chini kwa nondo, nondo ikazama. Akasema: "Hapa bado. Shukeni mpaka mpate ardhi ngumu, mjaze mawe." Alikuwa sahihi kabisa kiufundi. Meneja wetu, mzee wa saiti aliyejenga madaraja kabla mimi sijajua kusoma mchoro, akaita eskaveta palepale.

Kazi iliyopangiwa siku 5 ilichukua siku 24. Maji yalikuwa yanaingia usiku, tunapampu asubuhi, malori ya mawe yanakwama. Ilimalizika tarehe 28 Machi. Mimi nilikuwa kambini, kilomita 40 kutoka pale, nahangaika na vipimo vya mwezi. Nilisikia habari za mawe redioni kama nilivyosikia habari za dizeli, sikuuliza zaidi.

Karatasi yangu ya muhtasari wa mkataba alikuwa nayo mzee, ameikunja mara nne mfukoni mwa kizibao cha kuakisi. Alinifuata tarehe 14 Aprili, ametulia, akaniambia, "Kijana, andika lile dai la kalvati. Bado tuna siku kumi na moja." Alikuwa amehesabu siku 28 tangu kazi ilipoisha. Kwa mtu wa saiti hiyo ndiyo hesabu yenye akili: unamaliza, unajua umepoteza kiasi gani, ndipo unadai.

Kifungu 20.1 hakisemi hivyo. Siku 28 zinahesabiwa tangu mkandarasi alipojua tukio au hali inayozaa dai, au alipopaswa kuijua. Tulijua tarehe 4 Machi, meneja wetu akiwa amesimama kwenye lile shimo. Mwisho wetu ulikuwa tarehe 1 Aprili. Siku mzee anakuja kwangu ilikuwa ya 41. Na kifungu hakiishii kwenye kukemea: notisi isipotolewa ndani ya siku hizo, muda wa kumaliza kazi hauongezwi, mkandarasi hana haki ya malipo ya ziada, na mwajiri anaondokewa na dhima yote juu ya dai hilo.

Niliandika hata hivyo. Nikajitetea kwamba agizo lilikuwa la kwao wenyewe, kwamba mabadiliko ya kazi yanakuja na muda wake. Jibu la mhandisi, anayesimamia mkataba kwa niaba ya mwajiri, lilikuwa na aya moja. Alinikumbusha kwamba 8.4 inataja mabadiliko ya kazi kuwa sababu ya nyongeza ya muda, lakini inaanza kwa kuiweka haki hiyo chini ya 20.1. Nilikifungua kifungu tena usiku ule nikitumaini amekosea. Hakukosea. Kama muda haujakubaliwa kwenye utaratibu wa 13.3 wakati wa kuagiza kazi, unaudai kwa notisi kama dai lingine lolote. Hata leo naona vijana wanaandika "mabadiliko: muda utaongezwa" kana kwamba unajiongeza wenyewe.

Fidia ya ucheleweshaji kwenye mkataba ule ilikuwa shilingi milioni 9 kwa siku. Kwa siku 19 ni milioni 171, zilikatwa kwenye hati za malipo za mwisho wa mradi. Lakini kinachonikaa moyoni ni kile kikao cha kufunga hesabu. Mzee alitoa ile karatasi, imechakaa kwenye mikunjo, akaiweka mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa tano. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hapa ungeandika maneno mangapi zaidi?" Nimeyahesabu baadaye: "tangu siku ulipojua tukio, si lilipoisha." Maneno sita.

Kwa hiyo mstari wa 20.1 uandikwe hivi, na ninyi watatu mnakili kama ulivyo:

"Ukiona jambo litakalotuchelewesha au kutuongezea gharama, nipigie siku hiyohiyo. Siku 28 zinaanza ulipojua au ulipopaswa kujua, hata kama kazi bado inaendelea. Ofisi ya mikataba inamwandikia mhandisi. Zikipita, tumepoteza muda na fedha."

Ongezeni chini yake jambo ambalo hata mzee hakulijua, kwa sababu sikumwandikia: notisi ya kwanza haihitaji hesabu. Inatakiwa kueleza tukio tu. Mameneja wengi wanachelewa wakisubiri kujua hasara ni kiasi gani, wakati maelezo kamili yana nafasi yake, siku 42, nazo pia zinahesabiwa tangu ulipojua. Tukio likiendelea, unapeleka kilichopo kisha unakiongezea kila mwezi. Tarehe 4 Machi jioni ningeweza kuandika sentensi mbili na kulala: "Leo saa 4 asubuhi, kwenye kalvati, tumeagizwa kuchimba chini ya kina cha mchoro na kujaza mawe. Tunatoa notisi chini ya Kifungu 20.1 kwamba tutadai nyongeza ya muda na malipo."

2. Agizo la mdomo lina saa yake, na hiyo ni fupi zaidi

Wawili kati yenu mmeandika "usifanye kazi kwa agizo la mdomo." Ushauri huo hautekelezeki. Injinia mkazi yuko shimoni, maji yanapanda, na meneja ataanza kazi muhtasari useme usiseme. Mpeni kinachomsaidia. Kifungu 3.3 kinaruhusu agizo la mdomo lithibitishwe na mkandarasi kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi. Mhandisi asipojibu kwa maandishi, kwa kukataa au kutoa agizo, ndani ya siku 2 za kazi tangu aupokee uthibitisho, uthibitisho wenyewe unakuwa ndiyo agizo lake la maandishi.

Kalvati letu halikuthibitishwa hivyo. Injinia mkazi alihamishwa mwezi Mei, na aliyekuja hakuona karatasi yoyote inayosema tuchimbe zaidi. Tulikuwa na picha, risiti za mawe na daftari la saiti, lakini vipimo vya pamoja vya chini ya msingi havikuchukuliwa, na zege lilikuwa limeshafunika. Tulilipwa mawe ya kina walichokikubali wao.

Mpeni meneja kitabu chenye karatasi ya kaboni, sentensi ya kuthibitisha agizo ikiwa imechapwa tayari, abakize kujaza mahali, kazi, saa na jina la aliyeagiza. Hakikisheni pia aliyeagiza amepewa mamlaka hayo kwa barua chini ya 3.2, na majina yao yaandikwe kwenye karatasi ya meneja, maana msimamizi wa maabara akisema "ongeza saruji" hajabadilisha mkataba. Na meneja naye asijibadilishie kazi kwa nia njema: 13.1 hairuhusu hadi mhandisi aagize au akubali.

Msichanganye jambo hili na vipimo kuongezeka tu. Uchimbaji uliokadiriwa mita za ujazo 2,000 ukafika 2,300 kwa michoro ileile unapimwa na kulipwa bila agizo la mabadiliko. Bei yenyewe kubadilika ni habari ya 12.3, ina masharti zaidi ya ile asilimia 10 mnayoikariri, na meneja haihitaji.

3. Malipo: 28 na 56 hazijumlishwi

Muhtasari wa kurasa 9 unasema hati ya malipo inatoka siku 28, kisha malipo siku 56. Meneja anayesoma hivyo anajumlisha 84, na ndivyo atakavyopanga dizeli na mishahara.

Chukueni maombi ya malipo ya Mei, yaliyopokelewa na mhandisi tarehe 5 Juni. Chini ya 14.6 hati itoke kufikia tarehe 3 Julai. Chini ya 14.7 mwajiri alipe kufikia tarehe 31 Julai, kwa sababu zile siku 56 nazo zinahesabiwa tangu mhandisi alipopokea maombi na viambatisho. Anayehesabu kutoka kwenye hati atasubiri hadi tarehe 28 Agosti, akinyamaza wiki 4 nzima ambazo riba ya 14.8 ilikuwa imeshaanza, na ambazo angeweza kutoa notisi ya siku 21 ya kupunguza kasi au kusimamisha kazi chini ya 16.1.

Mahali meneja anapohusika hasa ni hapo kwenye "viambatisho." Fomu ya vipimo isiyo na saini ya injinia mkazi inampa mhandisi sababu ya kusema maombi hayajakamilika, nazo siku zinaanza kubishaniwa. Basi mstari wake uwe huu: "Saini za vipimo zikamilike tarehe 30. Siku 28 za hati na siku 56 za malipo zote zinaanza mhandisi anapogonga muhuri wa kupokea." Wekeni nakala ya muhuri huo, kila mwezi.

4. Machache ya haraka

Someni Masharti Mahususi na Kiambatisho cha Zabuni kwanza, kwa sababu namba zote nilizotaja zinaweza kuwa zimebadilishwa humo. Msihamishe karatasi ya toleo la 1999 kwenda kwenye mradi wa toleo la 2017: kule siku 28 za notisi zimebaki, lakini siku 42 za maelezo kamili zimekuwa 84, na kifungu ni 20.2. Andikeni nani anafanya. "Notisi itatolewa" haina mtu. Na kilichosemwa kikaoni kikaingia kwenye kumbukumbu za kikao msikihesabu kuwa notisi, kiandikieni barua.

Jumatatu nataka karatasi mpya, upande mmoja, herufi za kusomeka ndani ya gari linalorukaruka. Tutampelekea kila meneja pamoja, na kabla hatujaondoka tutamuuliza: mhandisi akikuagiza leo kwa mdomo ubadilishe msingi, lazima barua ziwe zimetoka kufikia tarehe gani? Akisita, tunarudi nayo ofisini kuiandika upya.