Invoisi ya Canva kwa jina la biashara

"Nalipia Canva kwa simu, mhasibu anataka invoisi yenye jina la biashara na PIN, naipata wapi?"

Bosi, kama ulijiunga kupitia Play Store usiwasumbue Canva, hela ilipokelewa na Google kwa hiyo risiti iko kwenye Gmail uliyolipia, tafuta namba ya oda inayoanza na GPA, ila jina hapo ni lako sio la biashara. Mi ningehama kabisa. Ingia Play Store, Payments & subscriptions, kansel (kufuta apu tu hakusimamishi makato), subiri muda uliolipia uishe halafu ujiunge upya kwa brauza kule canva.com, na ujaze jina la biashara na PIN ya KRA kabla hujalipa. Meseji ya M-Pesa au stetimenti ya benki hazitoshi, hazionyeshi VAT.